Nilivyojifunza kuandika 朱马, jina langu kwa Kichina

Kwa Kichina jina langu, Juma, huandikwa 朱马, na ukilisoma hutoka karibu vilevile unavyolijua. Mwalimu wetu wa darasa la jioni hapa Dar es Salaam, Mtanzania aliyesomea China, aliniandikia herufi hizo mbili kwa kufuata sauti, maana majina ya wageni kwa kawaida huingia hivyo katika maandishi yale. Akanieleza kuwa zote mbili ni majina ya ukoo ya Wachina wenyewe: Zhu ulikuwa ukoo wa wafalme wa nasaba ya Ming, na Ma utalikuta kwa Waislamu wengi wa kabila la Hui. Kisha akaniambia, "Wewe Juma umepata nafuu. 朱 ina mipigo sita, 马 ina mitatu. Dada yako Amina hapo nyuma ana ishirini na miwili."

Mpigo ndio kipimo cha kila kitu katika mwandiko huu. Kalamu inapogusa karatasi hadi inapoinuliwa, huo ni mpigo mmoja, hata kama njiani imekata kona. Wachina wameigawa mipigo yote katika jamaa tano: *heng*, wa kulala, kutoka kushoto kwenda kulia, *shu*, wa kusimama, kutoka juu kwenda chini, *pie*, unaoteremkia kushoto, *dian*, nukta, ambamo huhesabiwa pia *na*, ule mrefu unaoteremkia kulia, na *zhe*, wowote wenye kona. Nilianza na hayo tu. Kuna orodha ndefu ya majina ya mipigo yenye kulabu na kona mbilimbili, lakini anayejifunza kuandika jina lake haihitaji mwanzoni.

Watoto wa China huandika kwa penseli kwenye daftari lenye vyumba vikubwa, kila chumba kimekatwa na msalaba wa nukta. Hapa sikulipata, nikatumia daftari la hesabu. Vyumba vinne vidogo, viwili kwa viwili, vinatoa chumba kimoja kikubwa na msalaba wake tayari katikati. Kama vyumba vya daftari lako ni vidogo sana, chukua vinne kwa vinne. Msalaba huo si pambo. Ndio unaokuambia mstari wa katikati uko wapi, na herufi nyingi hutegemea mstari huo.

朱 huandikwa hivi. Mpigo wa kwanza ni *pie* mfupi, juu, upande wa kushoto wa mstari wa katikati. Wa pili ni *heng* mfupi, unaoanzia pale kwenye mwili wa *pie* na kwenda kulia. Wa tatu ni *heng* mrefu, karibu na mkono wa kulala wa msalaba, na huu ndio mpana kuliko yote. Wa nne ni *shu*, unaoteremka juu ya mstari wa katikati, ukizikata *heng* zote mbili hadi chini, na unaishia hapo bila kulabu. Wa tano ni *pie* mrefu na wa sita ni *na*. Yote miwili huanzia pale *shu* inapokatana na *heng* ndefu, mmoja ukiteremkia kushoto na mwingine kulia.

Kabla ya penseli, mwalimu alitusimamisha tuandike hewani kwa kidole huku tukitaja mipigo kwa sauti: *pie, heng, heng, shu, pie, na*. Shule za msingi za China hufanya hivyo, na watu wazima darasani tulicheka. Lakini ukishaimba hivyo, mkono haukosei mfuatano, kwa sababu mdomo unatangulia. Mimi bado nanong'ona ninapoandika herufi mpya.

Nilimuuliza mwalimu kwa nini nisianze na *shu*, nguzo ya katikati, kisha nining'inize mengine. Alinipa chaki, akaniachia nijaribu. Ukianza na nguzo, huna kipimo cha kuijua iwe ndefu kiasi gani, wala *heng* ziikate wapi, na miguu miwili ya chini inatafuta pa kushikia. Ukifuata mfuatano, *heng* ndefu imeshalala pale, *shu* inapita juu yake, na makutano yao ndiyo yanayoonyesha mpigo wa tano uanzie wapi. Kila mpigo unaupimia unaofuata. Kanuni tunazofundishwa, juu kabla ya chini, kushoto kabla ya kulia, wa kulala kabla ya wa kusimama wanapokatana, *pie* kabla ya *na*, nilizielewa hapo ubaoni kuliko zilipokuwa orodha.

Mkono wangu ulikuwa na tabia mbili za zamani. Nilisoma chuoni utotoni, kule Tanga, na Kiarabu kimeufundisha kuvuta mistari kutoka kulia. Skuli nayo ikaufundisha kuunganisha herufi kwa mviringo. Kichina cha kuanzia hakitaki hata kimoja kati ya hivyo. *Heng* hutoka kushoto bila ubishi, tena hupanda kidogo tu kuelekea kulia. Ukiilaza sawasawa kama ya rula, herufi yote inaonekana imeinamia chini. Na penseli lazima iinuke baada ya kila mpigo. Dawa iliyonifaa ilikuwa kuandika polepole kupita kiasi na kusimama kila mwanzo wa mpigo, penseli ikiwa imetua, kabla ya kuisogeza.

马 ndiyo iliyowashinda wengi darasani, kwa sababu jicho linaona mistari sita au saba na halitaki kuamini ni mipigo mitatu. Wa kwanza unakwenda kulia kisha unakata kona na kushuka, ukiinamia ndani kidogo. Wa pili ndio wenye safari ndefu: unaanzia kushoto, chini kidogo ya ule wa kwanza, unashuka, unakata kona kwenda kulia na kupita chini ya mguu wa mpigo wa kwanza, unakata kona tena na kushuka, halafu unamalizia kwa kulabu ndogo ya kurudi kushoto, kama ndoana. Penseli haiinuki hata mara moja. Wa tatu ni *heng*, chini, na unasimama kabla ya kugusa upande wenye kulabu. Angalia pia pembe ya juu kushoto: mpigo wa kwanza na wa pili haikutani pale, panabaki mwanya. Waliokuwa wakiinua penseli kwenye kila kona walitoa kisanduku kilichofungwa pande zote, na mwalimu aliwatambua kutoka mbali kwa mwanya huo kutokuwepo.

Nyumbani hakuna mwalimu, kwa hiyo nilitafuta namna ya kujikagua. Niliipata kwenye kibodi ya simu. Gboard, kibodi ya Google, ukiiongezea Kichina kilichorahisishwa, kati ya mipangilio yake upo ule wa mipigo, unaosomeka `Stroke`, na vitufe vyake ni vitano, jamaa wale wale watano: 一 丨 丿 丶 乛. Unabonyeza mipigo kwa mfuatano wake, na simu inakuletea herufi zinazolingana. 朱 ni hivi:

```
丿 一 一 丨 丿 丶
```

Ukifika wa nne, 丿一一丨, simu bado inakuletea 生 na 年, maana nazo huanza hivyo hivyo. Mpigo wa tano, ule *pie* mrefu, ndio unaozitenga na kuiacha 朱. Sasa jaribu kuitanguliza nguzo mbele ya *heng*: 丿丨一一. Simu inakupa 仁, herufi nyingine kabisa, kwa sababu *pie* ikifuatwa na *shu* ni mwanzo wa herufi zenye alama ya mtu upande wa kushoto. 马 nayo ni mibonyezo mitatu tu, 乛乛一. Aliyezoea kuinua penseli kwenye kona atabonyeza vitufe vitano au sita na asiione kamwe. Kumbuka tu kwamba *na* iko ndani ya kitufe cha nukta, 丶, na *shu* yenye kulabu iko ndani ya 丨.

Kibodi hiyo ina mpaka wake. Inajua mfuatano na aina ya mpigo, haijui urefu. Tazama 未 na 末: mipigo yake ni ile ile, 一一丨丿丶, na kinachozitofautisha ni *heng* ipi ndefu, ya juu au ya chini. Ya kwanza ni "bado", ya pili ni "mwisho". Ndiyo maana katika 朱 sikuruhusiwa kuiachia *heng* ya juu irefuke. Kwa urefu na nafasi niliweka maandishi ya mwalimu pembeni, nikaandika, halafu nikaulizia msalaba: je, *heng* ndefu iko karibu na katikati? Miguu miwili imeachana sawa? Kama jibu ni hapana, narudia herufi nzima. Kufuta mpigo mmoja na kuuchomeka upya hakujawahi kunipa herufi iliyotulia.

Angalia pia umejifunza kwa nani. China Bara ina kiwango rasmi cha mfuatano, kilichotolewa mwaka 2020 na kugusa herufi 8,105, na kibodi niliyoitaja inakwenda na mfuatano wa huko. Video ya Kijapani inaweza kukufundisha tofauti: katika 田, Wachina huandika mstari wa ndani wa kulala kabla ya wa kusimama, Wajapani hutanguliza wa kusimama. Wote wako sawa kwao. Taiwan na Hong Kong, wasiotumia herufi zilizorahisishwa, jina langu lingeandikwa 朱馬, na hiyo ya pili ina mipigo kumi. Hiyo sijaigusa.

Baada ya 朱 nilijikuta namsaidia Amina. Jina lake ni 阿米娜, na ile ya katikati ilimsumbua. Mipigo yake ni nukta, kisha *pie* fupi upande wa pili, halafu *heng, shu, pie, na*. Nilimwambia, "Dada, hiyo minne ya mwisho ni mkia wa 朱 yangu, usiisome upya." Akaiandika papo hapo, ila *na* yake ilitoka nyembamba kama yangu. Mpigo huo hutaka uanze kwa wepesi, uongeze uzito unapoteremka, kisha uutelezeshe mwisho wake kwenda kulia. Kalamu ya biki haionyeshi uzito wowote. Penseli laini ya 2B huonyesha, na tangu niinunue nimeanza kuona kisigino cha *na* kikinenepa, ingawa nikiharakisha kinapotea.