Kumbukumbu ya mradi: hita plagi, moshi mweupe na kipimo cha omu

Injini ninayoifufua ni ya dizeli, ya muundo wa zamani, yenye silinda nne na chemba ndogo ya awali juu ya kila silinda. Injini za namna hii zinapowashwa zikiwa baridi hutegemea sana hita plagi, yaani vipasha joto vya umeme vilivyochomekwa kwenye chemba hizo. Tangu nilipoirudisha kwenye fremu yake imekuwa na tabia moja isiyobadilika: asubuhi stata huzungusha kwa muda mrefu kabla injini haijashika, na inaposhika hutetemeka na kutoa moshi mweupe mzito unaowasha macho na kunuka dizeli mbichi. Baada ya kama dakika moja moshi hukatika na mlio hutulia. Ikizimwa ikiwa ya moto, huwaka tena papo hapo.

Jambo hilo la mwisho ndilo lililonielekeza kwenye hita plagi. Dizeli haiwashwi kwa cheche, bali huwaka yenyewe inapokutana na hewa iliyobanwa hadi ikapata joto la kutosha. Injini ikiwa baridi, kuta za chuma hunyonya sehemu kubwa ya joto hilo, na mafuta yaliyopulizwa na nozeli hutoka kwenye ekzosi yakiwa mvuke na matone madogo ambayo hayakuungua. Huo ndio moshi mweupe. Kama ungekuwa mvuke wa maji ya rejeta yanayovuja ndani ya silinda, usingenuka dizeli, ungeendelea hata injini ikipata moto, na kiwango cha maji kingekuwa kinapungua. Kompresheni iliyochoka pia huleta dalili za kufanana, ndiyo maana sikuiondoa kwenye orodha; lakini kupima hita plagi ni kazi nyepesi zaidi, kwa hiyo nilianza hapo.

Betri niliipima kwanza: volti 12.5 ikiwa imetulia na 10.4 stata ikizungusha, hivyo haikuwa na lawama. Taa ya hita kwenye dashibodi ilikuwa ikiwaka na kuzimika kama kawaida, lakini katika injini hii taa hiyo huongozwa na kihesabu muda tu. Huzimika hata kama hakuna plagi hata moja inayopata moto, na kwa hiyo sikuitegemea kama ushahidi wa chochote.

Kisha niliweka maltimita kwenye volti za betri, waya mweusi kwenye chuma cha silinda hedi na mwekundu kwenye upau wa chuma unaounganisha vichwa vya plagi zote nne, na mwenzangu akafungua swichi. Upau ulionyesha volti 11.6 wakati betri yenyewe ilikuwa 11.9, maana yake rilei, fyuzi na nyaya zinapitisha umeme vizuri zikiwa chini ya mzigo. Ni muhimu kipimo hiki kichukuliwe plagi zikiwa zimeunganishwa, kwa sababu waya uliokatika karibu wote au rilei iliyoungua vidole vyake inaweza kuonyesha volti 12 kamili pale ambapo hakuna umeme unaovutwa.

Hapo ndipo ilipokuja sehemu ambayo ningependa kila anayefanya kazi hii aizingatie. Upau huo huzifanya plagi zote nne zisomwe kwa pamoja. Tuseme kila plagi ina omu 0.8: nne pamoja zitasomeka 0.2, zikibaki mbili nzima zitasomeka 0.4, na ikibaki nzima moja tu ndipo utaona 0.8. Tofauti hizo ni ndogo kiasi kwamba nyaya za maltimita ya kawaida, ambazo zenyewe huwa na upinzani wa sehemu kadhaa za omu, huzimeza kabisa. Anayepima bila kuondoa upau ataona namba ndogo yenye kupendeza na kuamini kuwa kila kitu ni kizima. Kwa hiyo niliufungua upau, nikasafisha vichwa vya plagi, nikagusanisha ncha mbili za maltimita na kupata 0.3, ambayo ndiyo ya kutolewa katika kila kipimo.

Silinda ya kwanza ilisoma 0.9, yaani 0.6 halisi. Ya pili ilisoma OL: waya wa ndani umekatika na hakuna umeme unaopita. Ya tatu ilisoma 1.0, yaani 0.7 halisi. Ya nne ilikuwa OL kama ya pili. Plagi mbili kati ya nne zilikuwa zimekufa, jambo linaloeleza vizuri kwa nini injini ilishika kwa silinda chache huku nyingine zikitema mafuta mabichi.

Sikujaribu kupima ampia kwa kupitisha umeme ndani ya maltimita. Plagi ya omu 0.6 huvuta karibu ampia 20 mwanzoni kabla ya kupata moto na kujipunguza, na tundu la ampia kwenye maltimita nyingi huishia 10. Kazi hiyo ni ya klampu inayozungushwa nje ya waya.

Plagi nilizifungua injini ikiwa na uvuguvugu, baada ya kulowesha nyuzi zake kwa mafuta ya kulainishia. Plagi za unene huu, M10, hazipaswi kulazimishwa zaidi ya kama Nm 35, kwa kuwa zikikatikia ndani ya hedi kazi ya saa moja hugeuka kuwa ya kushusha hedi. Nilifunga mpya katika silinda ya pili na ya nne. Asubuhi iliyofuata muda wa kuzungusha ulipungua sana, lakini moshi mweupe ulibaki kidogo, pamoja na mtetemo mfupi wa silinda moja.

Nilitoa ile ya tatu, ambayo kipimo chake kilikuwa kizuri, nikaibana mwili wake kwenye jiliwa na kuiunganisha na betri kwa nyaya nene zenye fyuzi, nikiwa nimevaa miwani ya kukinga macho. Plagi nzima ya aina hii huanza kuwa nyekundu kwenye ncha ndani ya sekunde chache, kisha wekundu hupanda. Hii ilianza kuwaka katikati, karibu na mwili, na ncha yake ikabaki nyeusi. Waya wa ndani haukuwa umekatika, hivyo omu zilikuwa sawa, lakini joto lilikuwa linatoka mahali ambapo mnyunyizo wa mafuta haufiki. OL inatosha kuihukumu plagi. Namba nzuri haitoshi kuithibitisha. Onyo moja ni la lazima hapa: jaribio hili ni kwa plagi za volti 12 pekee. Injini nyingi za kisasa hutumia plagi za volti 4 hadi 7, baadhi zikiwa za kauri, na betri ya moja kwa moja huziunguza au kuzipasua.

Baada ya kubadilisha ya tatu, na ya kwanza pia ili zote ziwe za umri mmoja, injini sasa hushika mapema ikiwa baridi na moshi umekwisha. Lililobaki ni nozeli ya silinda ya nne. Plagi ya zamani iliyotoka hapo ilikuwa na ncha iliyovimba na kuliwa upande mmoja, wakati ile ya silinda ya pili ilikuwa safi na imekufa kwa uzee tu. Ncha iliyoliwa hivyo huashiria nozeli inayodondosha badala ya kupuliza ukungu, au mafuta yanayoingia mapema mno. Nozeli hiyo itapimwa shinikizo na umbo la mnyunyizo wake kabla sijaiamini kwa plagi mpya.