Marejeleo 19 yasiyo na DOI, na barua niliyomwandikia mhariri

Makala yangu haikukataliwa. Ilirudi ikiwa na sentensi mbili tu zilizokolezwa wino mwekundu: marejeleo 19 kati ya 46 hayana DOI, tafadhali jaza ndani ya siku 10. DOI ni ile namba ya kudumu inayoitambulisha makala au kitabu mtandaoni.

Makala ilihusu jinsi istilahi za shuleni zilivyosanifiwa baada ya mkutano wa Mombasa wa 1928, ule uliochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Ukiandika mambo hayo, vyanzo vyako ni majarida ya miaka ya 1930, vitabu vya mashirika yaliyokwishavunjwa na tasnifu zilizopigwa taipu. Kwa hiyo nilijibu upesi, na kwa hasira kidogo: "Vyanzo hivi ni vya zamani, na vingine vimechapishwa hapa nyumbani. Havina DOI."

Kesho yake msaidizi wa mhariri akanijibu kwa upole ulioniumiza kuliko ukali. Alichagua rejeleo moja katika yale 19, makala ya miaka ya 1930 kutoka jarida la Africa, akaniwekea DOI yake. Akauliza: "Hii nayo ni ya zamani. Hizo nyingine 18 umezitafuta?"

Sikuwa nimezitafuta.

Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba sababu ni umri. Mfumo wa DOI ulianza kutumika kwenye majarida mwaka 2000 hivi, ulipoanzishwa Crossref, wakala wa kusajili namba hizo, lakini mchapishaji yeyote mwanachama anaweza kurudi nyuma na kuyasajili matoleo yake ya zamani. Cambridge wamefanya hivyo kwa jarida lao la historia ya Afrika lililoanza 1960, na makala nyingi za miaka hiyo zina DOI leo. Kumbe kijitabu kilichotoka Dar es Salaam miaka ya 1990 kinaweza kukosa. DOI haiji yenyewe kwa sababu kitu kimechapishwa. Lazima awepo mchapishaji aliye hai, aliyejiunga na wakala wa usajili, anayelipa ada na kupeleka taarifa za kila makala. Swali la kuuliza kwa kila chanzo, basi, ni nani angeisajili. Hilo ndilo lililobadilisha barua yangu yote.

Nikaanza upya. Kila rejeleo nililipitisha search.crossref.org kwa jina la mwandishi na maneno manne au matano ya kichwa, bila kubandika rejeleo zima, maana ukibandika zima na mwaka una kosa dogo majibu yanachanganyika. Nilipopata DOI niliiandika baada ya https://doi.org/ nikaifungua, nikahakikisha kwamba ukurasa unaofunguka ndio wenyewe. Kwa njia hiyo nikapata tatu zaidi ya ile ya msaidizi. Mbili zilikuwa za jarida hilo la Cambridge. Ya tatu ilitoka katika jarida la nchini ambalo matoleo yake yamewekwa AJOL, tovuti ya majarida ya Afrika, na namba za huko huanza na 10.4314. Hii ya tatu ilinitia aibu kuliko zote, kwa kuwa ndiyo niliyoitaja kwa kiburi kuwa "imechapishwa hapa nyumbani".

Mtego mkubwa ulikuwa kwenye vitabu. Niliandika jina la kitabu kimoja cha sarufi kilichotolewa na East African Literature Bureau, na jibu la kwanza kabisa likawa na kichwa kilekile neno kwa neno, tena na DOI. Nikafurahi, nikainakili. Kabla sijafunga nikaona kurasa: mbili tu. Kitabu gani kina kurasa mbili? Nilipoifungua nikakuta ni uhakiki wa kitabu hicho katika jarida la Ulaya. Mhakiki amekipa uhakiki wake kichwa cha kitabu, kama ilivyo desturi, na mfumo haujui kutofautisha. Dalili ni hizo: idadi ya kurasa, jina la jarida mahali ambapo kitabu hakipaswi kuwa na jarida, na jina la mwandishi lisilolingana. Katika vitabu vyangu vitano nilikuta mtego huu mara mbili.

Mtego wa pili ulikuwa katika marejeleo yale 27 niliyodhani yako salama. Rejeleo moja nilikuwa nimelinakili kutoka kwenye orodha ya mtu mwingine, na DOI yake ilianza na 10.2307, namba inayohusishwa na JSTOR, hifadhi ya majarida mtandaoni. Nilipoifungua nikapata ukurasa wa "DOI Not Found". Watu huchukua namba iliyo mwishoni mwa kiungo cha JSTOR, wakaitangulizia 10.2307 na kuiita DOI. Mara nyingine inafanya kazi kwa sababu kweli imesajiliwa, mara nyingine haijasajiliwa kabisa. Nikaiondoa, nikaweka kiungo cha kudumu cha JSTOR chenyewe. Kwa hiyo orodha yangu ya zisizo na DOI, baada ya kupunguza nne na kuongeza hiyo moja, ikawa 16.

Rafiki yangu mmoja wa idarani alinishauri njia ya mkato: piga picha kurasa za hizo makala za zamani, zipandishe Zenodo, hifadhi ya mtandaoni ya kazi za utafiti, nayo itakupa DOI siku hiyohiyo. Ni kweli itakupa. Lakini hati si yangu, sina haki ya kuichapisha upya, na DOI hiyo ingeonyesha kitu kilichowekwa mwaka huu na mimi, si makala ya 1935. Nilimwambia, ndugu yangu, hapo tutakuwa tunamtengenezea marehemu cheti cha kuzaliwa.

Siku mbili nilizimalizia katika East Africana, ule mkusanyiko wa Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mama wa mapokezi ananifahamu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Leo tena unataka yale makaratasi ya Wakoloni?"

Nilitaka kurasa za majina tu, zenye mchapishaji, mji na mwaka, kwa kila chanzo, kwa sababu hapo ndipo makosa yangu yalipojificha. Taarifa ya kamati ya lugha iliyoundwa 1930 ilibadili jina zaidi ya mara moja, mpaka ikawa jarida la Swahili, na baadaye Kiswahili, chini ya TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Mimi nilikuwa nimeyaandika yote kwa jina la mwisho. Mtu akitafuta makala ya miaka ya 1930 kwa jina hilo hataipata popote, na hapo mhariri ana haki ya kushuku kwamba chanzo hakipo.

Kisha nikaandika barua. Jarida hili huchapisha makala za Kiswahili, kwa hiyo niliiandika kwa Kiswahili. Naiweka hapa kama ilivyokwenda, nikiondoa majina:

"Ndugu Mhariri,

Naomba radhi kwa jibu langu la awali, ambalo halikueleza jambo. Nimetafuta marejeleo yote 46 katika Crossref na kufungua kila DOI. Nimeongeza DOI nne zilizokosekana na kuondoa moja ambayo haikuwa imesajiliwa. Marejeleo 16 yamebaki bila DOI kwa sababu zifuatazo.

Sita ni makala za taarifa ya kamati ya lugha na za gazeti la Mambo Leo, lililotolewa na serikali ya Tanganyika kuanzia 1923. Sijakuta mahali popote ambapo matoleo hayo yamesajiliwa. Majina ya jarida nimeyarekebisha yawe yale yaliyotumika mwaka husika, na nimetaja juzuu, toleo na kurasa kutoka kwenye nakala halisi.

Vitano ni vitabu vilivyochapishwa Nairobi na Dar es Salaam. Viwili ni vya East African Literature Bureau, ambayo ilikoma mwaka 1977, na vilitoka kabla ISBN haijaanza kutumika. Kwa hivyo nimeweka namba ya katalogi ya WorldCat. Vitatu vina ISBN, nazo nimeziweka. Tafadhali zingatia kwamba utafutaji wa moja kwa moja unaleta DOI za uhakiki wa vitabu viwili kati ya hivi. DOI hizo si za vitabu, na kwa makusudi sikuziweka.

Tatu ni tasnifu na moja ni mada ya semina iliyopigwa taipu. Tasnifu mbili zimo katika hifadhi ya kidijitali ya chuo na zina anwani ya kudumu ya handle, ambayo nimeiweka. Tasnifu ya tatu na mada ya semina zinapatikana kwa kusomwa hapohapo maktabani tu.

Moja ni makala iliyo JSTOR ambayo sikukuta DOI yake iliyosajiliwa. Nimeweka kiungo chake cha kudumu.

Jedwali lililoambatishwa linaonyesha kila rejeleo, nilipotafuta, tarehe niliyotafuta, na kitambulisho kilichowekwa badala ya DOI. Picha za kurasa za majina ninazo, nitazituma mkizihitaji."

Mambo mawili katika barua hiyo niliyafikiria sana. Sikuandika popote kwamba chanzo fulani "hakina DOI" kana kwamba naapa. Niliandika kwamba nimetafuta mahali fulani, siku fulani, sikuikuta. Mchapishaji anaweza kusajili matoleo ya zamani kesho. Na katika orodha yenyewe sikuweka maneno kama "DOI haipo" mwishoni mwa rejeleo. Jarida hili linafuata mtindo wa APA toleo la 7, na humo chanzo cha kuchapwa kisicho na DOI huishia kwenye jina la mchapishaji au kurasa, basi. Maelezo yana mahali pake, nako ni kwenye barua.

Jibu lilikuja baada ya siku nne. Kumi na tano zilikubaliwa bila swali. Waliuliza moja tu, ile mada ya semina: msomaji wa Nairobi au wa Bayreuth ataipataje? Swali la haki. Nilirudi kwa mama wa mapokezi, akanitafutia namba ya rafu, nikaiongeza kwenye rejeleo pamoja na jina la mkusanyiko na maktaba. Ile tasnifu ya tatu nayo nikaitendea vivyo hivyo ingawa hawakuiuliza. Hoja mbili nilizokuwa nimezijenga juu ya mada hiyo nilizipunguza zikawa moja, maana nilipoisoma tena niligundua kwamba ukurasa wa mwisho wa nakala yangu ulikuwa haupo.

Wiki tatu baadaye ikaja prufu. Nikapitia marejeleo kwa kalamu mkononi. Kwenye kile kitabu cha sarufi cha East African Literature Bureau, mfumo wa mpangaji chapa ulikuwa umechomeka DOI yenyewe, safi, ya buluu, ya kubofya. Nikaibofya. Ikafunguka uhakiki wa kurasa mbili.

Nikaikata, nikaandika pembeni: "Tazama barua yangu, aya ya tatu."