Wiki 13 bila mshahara

Nilipoachishwa kazi hapa Dar es Salaam, nilikuwa na shilingi 2,400,000, akiba na malipo ya mwisho yakiwa pamoja. Kwanza nilitenga 450,000 za kodi ya miezi mitatu, kisha 260,000 za dharura, na zilizobaki, 1,690,000, nikazigawa kwa wiki 13 badala ya miezi mitatu, kwa sababu bajeti ya mwezi huficha kosa hadi siku ya ishirini, ilhali ya wiki hulionyesha mapema. Kila Jumatatu nilitoa 130,000 mara moja tu. Awali nilikuwa nikitoa kidogo kidogo kwa wakala, na makato yakawa yananila.

Kilichonishinda ni michango. Wiki ya tano nilitoa 40,000 za msiba na 30,000 za harusi, nikalazimika kugusa fedha za dharura. Msiba sijutii hata kidogo. Kuhusu harusi, nilipaswa kumweleza mweka hazina wa kamati hali yangu tangu mwanzo, kwani nilipomweleza baadaye alinielewa, akaniambia, “Dada, ungesema tu.” Tangu hapo nilitenga 10,000 za michango kila wiki, nikizipunguza kwenye nyama na nauli.