Nchi moja, mabaraza mawili: jinsi nilivyoomba hati ya hadhi njema

Tarehe 19 Machi nilipokea barua pepe kutoka Baraza Kuu la Madaktari la Uingereza, yaani GMC, wiki chache baada ya kufaulu, kule Manchester, sehemu ya pili ya PLAB, mtihani wa madaktari waliosomea nje wanaoomba kusajiliwa Uingereza. Barua ilikiri kwamba hati yangu kutoka Tanzania imefika, kisha ikauliza swali moja: katika maelezo yangu ya kazi nimeandika kwamba nilifanya kazi hospitalini Unguja kwa miezi kumi na minne, je, iko wapi hati ya baraza la huko? Mimi nilikuwa nimeomba hati moja tu, kutoka Baraza la Madaktari Tanganyika, kwa sababu akilini mwangu nilikuwa nimetoka nchi moja. Ninaandika haya kwa ajili ya madaktari wenzangu waliopita bara na visiwani, au Nairobi na Kampala, kabla ya kuja huku, kwa kuwa kosa lile lilinigharimu zaidi ya miezi miwili.

Kwanza, hati yenyewe. Kwenye fomu za kigeni mtaiona kwa jina la Certificate of Good Standing, nasi kwa mazoea tumeiita gudi standingi. Hapa nitaiita hati ya hadhi njema. Wengi huichanganya na cheti cha tabia njema kinachotolewa na polisi baada ya kuchukua alama za vidole, na nimemwona mwenzangu mmoja akisafiri hadi makao makuu ya mkoa kufuata karatasi ambayo hakuna aliyemwomba. Polisi hueleza kama una rekodi ya jinai. Baraza la taaluma hueleza daftari lake linasema nini juu yako: jina ulilosajiliwa nalo, namba ya usajili, tarehe uliyosajiliwa, aina ya usajili, kama leseni yako iko hai, na kama kuna adhabu uliyopewa au shauri la kinidhamu linaloendelea. Nilipompigia simu ofisa mmoja wa usajili kumwomba aongeze maneno mawili matatu kuhusu bidii yangu kazini, alinijibu kwa upole, "Daktari, hati hii si ya kukusifia. Sisi tunasoma kilichomo daftarini, basi."

Kwa kuwa hati husoma daftari, ni lazima itoke kwa kila mwenye daftari lililo na jina lako. GMC hutaka hati ya kila mamlaka iliyokusajili au kukupa leseni katika miaka mitano iliyopita, na neno la kuzingatia hapo ni mamlaka, wala si nchi. Afya si jambo la Muungano. Bara kuna Baraza la Madaktari Tanganyika na Zanzibar ina baraza lake, na daktari wa bara anayekwenda kufanya kazi Unguja au Pemba husajiliwa upya huko. Nilikuwa na kadi ya usajili wa Zanzibar katika bahasha hiyo hiyo yenye vyeti vyangu, lakini sikuwahi kuifikiria kama usajili wa pili. Ushauri wangu ni kwamba kabla hujajaza fomu yoyote, chukua karatasi uandike mwezi kwa mwezi ulikuwa wapi kwa miaka mitano, na kando ya kila mahali uandike ni baraza gani lililokuruhusu kutibu wagonjwa. Usajili wa muda wa wakati wa mafunzo kazini nao uandike.

Nilipoomba hati ya Zanzibar niligundua kwamba sikuwahi kuwaarifu kuwa nimeondoka, hivyo jina langu lilikuwa bado daftarini na ada ya mwaka ilikuwa haijalipwa. Hilo halikuwa kosa la mtu mwingine. Niliomba kumbukumbu namba ya malipo, ndugu yangu akanilipia kwa kuwa benki yangu ya huku haikuweza kutuma moja kwa moja, halafu ikabidi nieleze kwa barua kwa nini pasipoti yangu ina majina matatu ilhali daftari lina mawili. Hati ilitiwa saini tarehe 22 Mei na kuwafikia GMC tarehe 29 Mei.

Hapo ndipo lilipojitokeza jambo ambalo sikulitarajia. GMC huihesabu hati kuwa hai kwa miezi mitatu tangu tarehe ya saini, na ni lazima iwe bado hai siku ombi linapoidhinishwa. Kufika kwao kabla ya muda kwisha hakutoshi. Hati yangu ya bara ilikuwa imetiwa saini tarehe 4 Machi. Tarehe 4 Juni uhai wake ulikwisha, faili langu likiwa bado mezani kwa mkaguzi, na tarehe 6 nikaandikiwa niombe nyingine. Ukali huu una sababu yake. Hati hueleza hali ilivyo siku ile tu, na mgonjwa anaweza kufungua malalamiko dhidi ya daktari kesho yake bila karatasi ile kujua lolote. Kwa hiyo mara ya pili nilipanga kinyume cha nilivyofanya awali: nilihakikisha kwanza kwamba uthibitisho wa shahada, matokeo ya Kiingereza na barua za waajiri vimekubaliwa, ndipo nikaomba hati, kwa kuwa ndiyo inayooza haraka kuliko zote.

Ombi langu la pili lilikuwa barua ya nusu ukurasa. Niliandika jina kama lilivyo daftarini na kama lilivyo kwenye pasipoti, namba ya usajili, jina kamili la baraza litakalopokea, anwani yake ya barua pepe, na namba yangu ya kumbukumbu ya GMC, nikaomba namba hiyo iandikwe juu ya hati yenyewe. Nilipokuwa sijaiweka mara ya kwanza, hati ilikaa siku kadhaa bila kujulikana ni ya faili gani. Niliambatanisha pia stakabadhi ya malipo na nakala ya leseni. Jambo moja niliomba kwa msisitizo, kwamba hati itumwe na baraza lenyewe moja kwa moja kutoka anwani yake rasmi. Ukiipokea wewe kisha ukaisambaza, hata ikiwa na muhuri mbichi, haitapokelewa, kwa sababu mpokeaji hana njia ya kujua nini kilitokea kati ya ofisi ile na mkono wako. Nakala yako ihifadhi kwa kumbukumbu tu.

Mwenzangu mmoja aliniuliza afanye nini, kwa kuwa ana malalamiko ambayo baraza la kwao halijayaamua. Nilimwambia aombe hati hivyo hivyo na aeleze shauri hilo mwenyewe katika fomu ya GMC, pamoja na barua zote alizonazo. Baraza litaliandika tu, na pengo kati ya fomu yake na hati ndilo litakalomletea swali gumu zaidi kuliko malalamiko yenyewe.

Hati ya pili ya bara ilitiwa saini baada ya siku tisa na ombi langu likaidhinishwa tarehe 24 Juni, hati ya Zanzibar ikiwa imebakiwa na takriban miezi miwili. Siku iliyofuata niliwaandikia Zanzibar kuwaarifu kwamba sifanyi kazi tena huko, nikaomba waniandikie kwamba taarifa imepokelewa. Jibu lao nimeliweka katika bahasha ile ile, pamoja na kadi.