Nilivyonunua kiwanja cha marehemu Moshono bila kutoa hela kabla ya Fomu namba 4

Kuna kiwanja nilikipenda sana huku Moshono, Arusha, hati ipo kabisa ila jina ni la mzee aliyekwisha fariki, na wanaouza ni wanawe wawili, mama yao naye alishatangulia. Bei milioni 18. Yule mkubwa akaniambia, "Dada toa hata tano tumalizie madeni ya msiba, mirathi tumeshafungua, tutaandikishana kwa mwenyekiti wa mtaa na mashahidi." Nikamwambia kaka yangu, hati ya mzee nimeiona, naomba sasa nione Fomu namba 4, ile ya mahakama inayokuteua kuwa msimamizi wa mirathi. Hana, anacho tu muhtasari wa kikao cha ukoo kilichompendekeza yeye.

Sasa hapa ndo watu wanalizwa. Ukoo unapendekeza tu, anayeteua msimamizi ni mahakama, na kwa mahakama ya mwanzo uteuzi wenyewe ndo hiyo fomu. Kabla haijatoka mtoto ana haki ya kurithi ila mamlaka ya kuuza hana, na muhuri wa mtaa haumpi. Hata kwa Msajili wa Hati unakwama, maana lazima kwanza msimamizi aandikishwe badala ya marehemu, ndo asaini uhamisho kwenda kwako.

Nikaomba namba ya shauri nikaenda masjala ya mahakama kuulizia. Shauri lipo kweli, ila lina pingamizi, dada yao wa mama mwingine anayeishi Babati hakuwekwa kwenye orodha ya warithi. Hebu fikiria ningekuwa nimeshalipa na kuanza msingi, mahakama ingesema kiwanja bado ni cha mirathi, mimi nibaki kumdai mtu aliyekwisha kula hela.

Na muuzaji naye haponi jamani. Yule mdogo kumbe alishapokea milioni 3 za mtu mwingine kwa kiwanja hichohicho, yule mtu akaja na karatasi yake yenye muhuri, na lile deni likamwangukia kijana mwenyewe, sio mirathi, kwa sababu hakuna msimamizi aliyeuza. Alitishiwa kushtakiwa kwamba kajipatia hela kwa udanganyifu, ikabidi auze pikipiki yake arudishe. Iliniuma, kijana aliona ni mali ya baba yake basi.

Mimi nikawaambia nasubiri, bei ileile, ila shilingi haitoki. Dada wa Babati akaingizwa kwenye orodha, pingamizi likaondolewa, mkubwa akateuliwa. Alipoleta Fomu namba 4 nikairudisha masjala nione kama namba na jina vinafanana na vya kwenye jalada, vikafanana. Akajiandikisha kwenye hati kama msimamizi, warithi wote watatu wakasaini kwamba wanaridhia kuuza, hela nikaweka benki kwenye akaunti ya mirathi sio kwenye simu ya mtu, na yule dada alikuwepo siku ya kusaini, gawio lake akalipata.