Kenchi sita, na kikokotoo kilichotaka kuniaibisha

Nyumba yangu ya Pongwe, hapa Tanga, ilipovuka lenta, fundi aliniandikia mbao 14 za mbili kwa nne, futi 12, kwa ajili ya zile mbao za ndani ya kenchi za paa tu. Taibimu, ile mbao ya chini inayolala ukuta hadi ukuta, na rafta, zile za mteremko, zilikuwa na orodha yake. Kenchi zenyewe sita! Nikamuuliza hesabu kaitoa wapi.

"Mwanangu, kenchi haina hesabu. Unapima palepale juu, ukiona ndefu unakata."

"Na ikiwa fupi, mzee?"

Akacheka tu. Kicheko kile ndicho kilichonikalisha usiku na karatasi.

Kosa la kwanza nililifanya mwenyewe. Nilipima chumba kwa ndani nikapata mita 5.70, nikaanza kukokotoa. Kumbe kenchi inakaa juu ya kuta, haining'inii katikati yake. Ukiongeza unene wa tofali la inchi sita kila upande, nje kwa nje ni mita 6 kamili. Kwa kipimo changu cha ndani kila rafta ingepungua sentimita 16 na nusu, na hapo hakuna gundi.

Nusu ya mita 6 ni 3, mteremko nimetaka digrii 25. Kimo cha kenchi ni 3 mara tan 25. Nikabonyeza kwenye simu, ikaja hasi 0.40. Hasi! Yaani kenchi imezama chini ya taibimu, kofia ya bati tutaifunga sebuleni. Nikarudia mara tatu, nikaizima simu na kuiwasha, nikalilaumu bando. Binti yangu alipopita nyuma akasema, "Baba, hapo juu imeandikwa RAD." Nikabadili kuwa DEG, isome digrii badala ya radiani, kikaja kimo cha mita 1.40. Ninachoshukuru ni kuanza na tan. Ningeanza na cos, simu ileile ingenipa rafta ya mita 3.03, namba yenye sura ya heshima kabisa, na ningekata mbao. Siku hizi kabla ya yote nabonyeza tan 45. Isipokuja 1, simu naiweka chini.

Rafta ni 3 gawanya kwa cos 25, yaani mita 3.31. Jirani yangu mmoja mjuaji aliniambia nizidishe. Ukizidisha unapata 2.72, fupi kuliko hiyo nusu yenyewe ya mita 3, sasa rafta mbili zitakutana wapi?

Zile za ndani zinapiga herufi W. Taibimu inagawanywa mara tatu, mita 2 kila kipande, na rafta inagawanywa katikati. Mbao fupi inatoka katikati ya rafta, mita 1.5 kutoka ukingo wa ukuta na sentimita 70 juu, inashuka hadi alama ya mita 2. Basi inakwenda pembeni sentimita 50 na chini sentimita 70. Kipeo cha pili cha 0.5 jumlisha cha 0.7, kisha tafuta kipeuo cha pili cha jumla, unapata sentimita 86. Ndefu inatoka alama hiyohiyo kwenda kileleni: pembeni mita 1, juu 1.40, jibu mita 1.72.

Tazama vizuri: 172 ni 86 mara mbili. Nilidhani ni bahati. Nikajaribu digrii 20, nikajaribu 30, bado ndefu ni mara mbili ya fupi, na zote zinalala kwa pembe ileile. Mradi taibimu umeigawa sawa mara tatu na rafta katikati, ikikataa kuwa mara mbili jua umekosea mahali.

Hapo ndipo mbao 14 zilipoanguka. Futi 12 ni sentimita 366. Inatoa ndefu mbili, au fupi nne, na zote zinakula 344. Sentimita 22 zinazobaki sikuzitupa, nilizigawia vipande virefushwe kidogo, kwa sababu sisi tunazipigilia ubavuni na ncha lazima ivuke mstari. Ndefu 12 ni mbao sita, fupi 12 ni mbao tatu. Tisa! Nilichora kenchi moja kwa chaki juu ya jamvi, tukapanga vipande, fundi akavizunguka kimya na kuomba msumeno.

Pimeni mbao kabla ya kulipa. Moja yangu ilipungua inchi tatu. Hiyo nikaikatia fupi nne, maana kwa rafta isingefaa. Rafta ilibana kwelikweli: upenu wa sentimita 30 nje ya ukuta ungedai mita 3.64, na ule mkato wa wima wa ncha ya rafta unaongeza karibu sentimita 5 kwa mbao ya inchi nne. Futi 12 inagoma. Nikashusha upenu hadi sentimita 25, rafta ikaingia ikiwa na ziada ya sentimita mbili hivi. Mama watoto mvua za masika zikipiga kutoka baharini ananionyesha dirisha la jikoni linavyolowa, na hapo sina hesabu ya kumjibu.