Kurasa tisa zikawa tatu: nilivyoprinti hesabu za kikundi bila jedwali kukatika

Faili la Excel nililokabidhiwa nilipochukua ukatibu wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa lilikuwa zuri kwenye skrini. Wanachama 64 wamepangwa kwa mitaa mitatu, kila mmoja na mstari wake: namba, jina, simu, mtaa, michango ya Januari hadi Desemba, kisha Jumla, Mkopo, Rejesho na Baki. Tabu ilikuwa kwenye karatasi. Kijana wa steshenari aliangalia kompyuta yake akaniuliza, "Dada, zinakuja kurasa tisa, nitoe zote?"

"Zitoe tu, mdogo wangu, nizione."

Ukurasa wa kwanza ulikuwa na majina, simu, mtaa, halafu Januari na Februari, basi. Wa tatu ulikuwa mweupe. Wa nne ulikuwa na tarakimu za Machi hadi Desemba bila jina hata moja, kwa hiyo huwezi kujua nani kalipa nini. Wa tisa ulikuwa na namba moja peke yake, chini kabisa. Wengi hapa ndipo huchukua selotepu na kuunganisha. Mimi nilizichukua hizo karatasi nikakaa nazo mbele ya kompyuta, kwa sababu ukizisoma vizuri zinakuambia tatizo liko wapi.

Ile namba ya peke yake ndiyo iliyonipa mwanzo. Nilibonyeza Ctrl+End, ambayo hukupeleka kwenye kona ya mwisho iliyotumika, nikatua X131. Jedwali letu linaishia T69. Kumbe mtu aliwahi kupiga hesabu yake ya pembeni huko mbali akaiacha, na Excel usipoiambia mwisho ni wapi huprinti kila kitu mpaka huko, pamoja na weupe wote wa katikati. Hata mstari wa mpaka uliochorwa kwenye visanduku vitupu unatosha kukuletea karatasi za bure.

Sikuifuta ile hesabu, huenda ina kazi. Nilichagua A1 hadi T69, nikaingia Page Layout, Print Area, Set Print Area. Kuanzia hapo kilicho nje ya eneo hilo hakiprintiwi. Angalizo moja: ukichagua vipande viwili kwa mpigo, kila kipande kitapewa karatasi yake hata kama vingeenea pamoja.

Kurasa zikabaki sita. Weupe umeondoka, lakini jedwali bado lilikuwa pana kuliko karatasi, na hapo hesabu ndogo inasaidia. Jedwali lina upana wa sentimita 40 hivi. A4 iliyosimama ina upana wa sentimita 21, na ukitoa pambizo za kawaida inabaki 17 na kidogo. Ndiyo maana lilikatwa mapande matatu. Nikailaza karatasi (Orientation, Landscape), nikachagua pambizo za Narrow, upana wa kuandikia ukawa kama sentimita 28.4. Gawa kwa 40, unapata asilimia 71.

Wakati huohuo angalia Size. Faili hilo lilikuwa limewekwa Letter, karatasi ya Wamarekani, ambayo kwa urefu inazidiwa na A4 karibu sentimita 1.8. Steshenari zetu zina A4. Hizo sentimita mbili kasoro zinatosha kuisukuma safu ya Baki kwenye ukurasa wa pili.

Njia ambayo kila mtu atakuelekeza ni Fit Sheet on One Page. Kwa jedwali dogo haina ubaya. Kwa watu 64 inaminya urefu na upana pamoja hadi kila kitu kienee karatasi moja, na maandishi yanageuka punje za ulezi. Wenye umri kwenye kikundi chetu wasingeyasoma. Kinachotakiwa ni kubana upana tu na kuuacha urefu uende utakavyo: pale kwenye Scale to Fit, Width iwe 1 page, Height ibaki Automatic. Herufi za ukubwa wa 11 zikipunguzwa hadi asilimia 70 zinatoka karibu na 8, na hizo zinasomeka bila kuvuta miwani. Ukiona asilimia inashuka chini ya 60, usiendelee kubana. Ficha safu isiyohitajika, kwa mfano ya simu. Safu iliyofichwa haiprintiwi.

Ingekuwa kwangu peke yangu ningeishia hapo. Lakini kila kiongozi wa mtaa alitaka karatasi ya watu wake, na Excel hukata ukurasa pale nafasi inapoisha, haijui mtaa wala nini. Ukataji wake wa kwanza uliangukia watu wa mtaa wa pili. Hapo nilihitaji kuweka mikato yangu mwenyewe, na kuna mambo mawili yanayowachanganya watu.

La kwanza: maelezo ya Microsoft yenyewe yanasema mikato ya mkono hupuuzwa unapotumia Fit to. Kwa hiyo nilirudisha Width kuwa Automatic, na kwenye Scale nikaandika 70%. Ile hesabu ya asilimia 71 ndiyo iliyonipa namba hiyo, nikaishusha kidogo kwa usalama.

La pili: mkato huwekwa juu ya kisanduku ulichosimama na pia kushoto kwake. Ukisimama D27 ukabonyeza Breaks, Insert Page Break, unapata mikato miwili, na jedwali linapasuka wima tena. Simama safu ya A. Mtaa wa pili unaanzia mstari wa 27 na wa tatu mstari wa 48, kwa hiyo nilisimama A27 nikaweka, kisha A48 nikaweka.

Kuhakiki, nenda View, Page Break Preview. Mstari wa bluu wa vidoti umewekwa na Excel, ule ulionyooka ni wako, na sehemu ya kijivu haitaprintiwa. Ukiona wa wima katikati ya jedwali, ushike kwa mausi uuburute hadi nje, au uanze upya kwa Reset All Page Breaks.

Karatasi ya pili na ya tatu bado hazikuwa na vichwa vya safu. Hivyo vinawekwa kwenye Print Titles, pale Rows to repeat at top, ambapo niliandika:

```
$4:$4
```

Kama kisanduku hicho kimefifia na hakikubali kuandikwa, umefungua Page Setup kupitia dirisha la kuprinti. Toka, uifungue kupitia Page Layout.

Wanachama wapya wanahitaji uangalifu. Ukiingiza mstari katikati ya jedwali, eneo la kuprinti linatanuka lenyewe. Ukimwandika mtu chini ya mstari wa 69, kwenye skrini utamwona, kwenye karatasi hayupo. Mimi huingiza mstari juu ya ule wa 69, ambao ni wa Jumla.

Na steshenari sipeleki tena faili la Excel, kwa kuwa mpangilio wa kurasa hufuata printa iliyounganishwa, na printa yao si yangu. Nahifadhi kama PDF, nahesabu kurasa tatu, natuma. Kijana namwomba kitu kimoja tu: kwenye dirisha la kuprinti achague Actual size, maana akiacha Fit karatasi inapunguzwa mara ya pili.